Ukituma USDT kwa mkataba, 456 haikusaidii

Ukikosea namba kwa M-Pesa, unajua dawa. Unafowadi ile meseji kwa 456, unangoja, na kama mwenye kupokea hajatoa pesa, una nafasi nzuri ya kurudishiwa. Kabla hata ya kutuma, simu inakuonyesha jina la mtu. Sisi vijana wa Eastlands tumelelewa na hiyo huduma, kwa hivyo tukiingia kwa kripto tunadhani kila mahali kuna mtu wa kupigia simu. Kwa blokcheni hakuna, na kuna kosa moja linalotukumbusha hivyo kwa uchungu: kutuma tokeni kwa anwani ya mkataba wenyewe badala ya anwani ya mtu.

Wacha nieleze kosa linatokea aje, kwa sababu si la wajinga. Chukua mfano wa kijana wa Umoja anayefanya kazi za mtandaoni na kulipwa kwa USDT. Mteja anataka anwani. Kijana anakumbuka alilipwa mwezi uliopita, anafungua ule muamala kwa Etherscan, anaona palipoandikwa `Interacted With (To)` na anwani inayoanza na `0xdAC17F95`. Anafikiri, “Si hapa ndipo pesa yangu iliingia?” Anakopi, anatuma kwa mteja. Mteja analipa dola 150, karibu shilingi 19,000, kodi ya keja ya miezi miwili au mitatu. Skrini inasema `Success`. Waleti ya kijana iko sufuri.

Ile anwani haikuwa yake. Ni ya mkataba wa USDT. Mkataba hapa si karatasi ya wakili, ni programu inayokaa kwa blokcheni. Fikiria daftari la chama: mtu akikulipa USDT, hakuna kitu kinachosafiri. Aliyelipa anaambia daftari, “Nipunguzie mimi 150, mwongezee huyu 150.” Ndiyo maana Etherscan inaonyesha muamala ulienda kwa daftari. Jina lako liko mstari wa chini, penye `ERC-20 Tokens Transferred`. Kijana wetu alikopi anwani ya daftari, na mteja akaliambia daftari lijiongezee lenyewe 150. Likatii.

Sasa swali la haki: mbona programu isikatae? Ukituma Ether yenyewe kwa mkataba ambao haukuandikiwa kupokea Ether, muamala unafeli na pesa inabaki kwako, unapoteza ada ya mtandao tu. Tokeni za ERC-20 ni tofauti. Amri ya `transfer` inabadilisha namba kwa daftari bila kumuuliza anayepokea. Mpokeaji akiwa mkataba usio na amri ya kutoa hizo tokeni, zitaonekana pale na hakuna atakayezigusa.

Hizo pesa zinaweza kurudi? Jibu halitegemei huruma ya mtu wala utaalamu wa haka. Linategemea kitu kimoja: je, huo mkataba una mwenye funguo, na hizo funguo zinamruhusu kufanya nini? Hebu tucheki mikataba mitatu.

Wa kwanza ni WETH, ile Ether iliyofungwa ndani ya tokeni. Uliwekwa kwa mtandao mwaka 2017 bila mwenyewe, na hauwezi kubadilishwa. Ukitaka kurudisha WETH iwe Ether, unatumia amri ya `withdraw`. Januari 2022 mtu mmoja alidhani ni kutuma tu WETH kwa anwani ya mkataba. Alituma 195, wakati huo karibu dola nusu milioni. Zimebaki huko. Hakuna kampuni, hakuna ofisi, hakuna funguo. Nafasi ya kuzipata ni sufuri, na kusema vingine ni kudanganyana.

Wa pili ni USDC ya kampuni ya Circle. Huu una mwenyewe, na programu yake inaweza kuboreshwa. Watu walikuwa wanafanya kosa hilo hilo, na toleo la 2.1 likaleta suluhisho: tokeni zilizokwama ndani ya mkataba zikahamishwa hadi anwani iliyoitwa `lostAndFound`, kisha mkataba ukajiwekea marufuku wenyewe. Siku hizi ukijaribu kutuma USDC kwa mkataba wa USDC, muamala unakataliwa.

Wa tatu ni USDT, ambayo ndiyo inazunguka sana mtaani. Mwenyewe ni kampuni ya Tether. Hana amri ya kuchukua tu zilizokwama, lakini anaweza kufungia anwani, kufuta tokeni zilizo ndani, halafu kutoa zingine mpya. Kwa hivyo inawezekana kiufundi, ila uamuzi ni wa kampuni. Ikiwa umepoteza laki kadhaa za dola, unaweza kutumaini mtu atakaa chini aifanye hiyo kazi. Kwa dola 150, andikia kampuni kupitia tovuti yake rasmi, lakini usipangie hiyo pesa bajeti.

Na kuna kizingiti kingine. Atakayeulizwa ushahidi ni mwenye anwani iliyotuma, kwa sababu yeye ndiye anaweza kutia saini ya kidijitali kuthibitisha kuwa ni yake. Kwa mfano wetu huyo ni mteja, si kijana wa Umoja. Na kama mteja alitoa pesa kutoka soko la kripto kama Binance, basi anwani iliyotuma ni ya soko. Hapo itabidi soko ndilo lifuatilie, na wewe uko mtu wa tatu kwa foleni.

Kwa hivyo yule msee wa Telegram anayekuambia ana “timu ya kurudisha kripto,” mpe dola 50 kwanza aanze kazi, ni mwizi. Mwambie akutajie amri gani kwa huo mkataba itatoa hizo tokeni, na nani ana funguo za kuiita. Hatajibu. Akiomba maneno yako 12 ya siri, huyo hata hakusaidii kutafuta zilizopotea, anakuja kubeba zilizobaki.

Msimamo wangu ni huu: kosa linalojirudia hivi si la kuachia mtumiaji peke yake. Waleti au soko linajua tayari unatuma tokeni gani, na linajua anwani ya mkataba wake. Kulinganisha anwani mbili ni kazi ndogo mno kwa kompyuta. Zikifanana, zuia. Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali Oktoba 2025, na Benki Kuu pamoja na CMA ndio wasimamizi. Kanuni zinapoandikwa, hili liwe ndani: hakuna soko lenye leseni hapa litakaloruhusu mtu atoe tokeni kwenda kwa mkataba wa tokeni hiyo hiyo.

Hadi siku hiyo, anwani yako ichukue kwa kitufe cha `Receive` ndani ya waleti yako, si kwa historia ya miamala. Mwambie mteja atume dola moja kwanza. Ikiingia, atume zingine. Isipoingia, umepoteza pesa ya chai na chapati, kodi bado iko.