Kwani Wewe Umesoma kwa Nani?

Juzi niliposti klipu kuhusu maana ya aya moja. Ami yangu akaniita barazani hapa Wiyoni, akaniuliza kitu kimoja tu: "Kwani wewe umesoma kwa nani?"

Nikanyamaza. Chuo kikuu niliacha, na ile aya niliisoma kwenye tafsiri, peke yangu, chumbani.

Na msinielewe vibaya, swali lake ni la haki. Kwetu elimu ya dini haikuwa kitabu, ilikuwa mtu. Unakaa mbele ya shekhe, unamsomea kitabu, anakurekebisha, na siku moja anakupa ijaza, yaani ruhusa ya kusomesha ulichosoma kwake. Yeye naye alipewa na mwalimu wake, hivyo hivyo mpaka juu. Kitabu chenyewe kilinakiliwa kwa mkono, kwa hiyo ukikitaka lazima uende kwa mwenye nacho. Yaani mtu alikuwa anakujua kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.

Ami anaamini simu ndiyo iliyokata mnyororo huo. Mimi nasema ulianza kulegea zamani, na kilichoulegeza ni vipande vidogo vya risasi.

Herufi za chapa zilikuwa hivyo: kila herufi kipande chake cha madini. Mtu anazipanga moja moja, kinyume kama kwenye kioo, anazipaka wino, anakandamiza karatasi. Kuzipanga ndiyo kazi kubwa. Zikishapangwa, nakala ya mia haikuchoshi kama ya kwanza. Halafu unazivunja na kupanga ukurasa mwingine. Ujerumani, Luther alipolipinga kanisa mwaka 1517, maandishi yake yalichapwa mji baada ya mji kabla wakubwa hawajaweza kuyazuia.

Kwetu mitambo ililetwa na wamisionari, miongoni mwa wengine. Unguja, Askofu Steere wa misheni ya UMCA alikuwa anajua kuchapa kwa mikono yake mwenyewe, na vijana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa walifundishwa kazi hiyo. Hebu fikiria: kijana asiye na ukoo mjini, asiye na ijaza ya mtu yeyote, ndiye anayepanga maneno ya dini yatakayosomwa na watu asiowajua.

Pigo lenyewe likaja mwaka 1923. Padri Godfrey Dale wa misheni hiyo hiyo akatoa Kurani nzima kwa Kiswahili, iliyochapishwa London. Kasisi, jamani! Akatia na maelezo yake ya kutetea Ukristo. Masheikh wengi hawakupenda hata wazo la kuitafsiri Kurani. Lakini kitabu kilikuwa tayari kimetoka, na hakuna shekhe aliyeulizwa.

Sasa ungefanyaje? Ungekataza watu wasisome? Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa hakuchagua njia hiyo. Mwaka 1930 alianzisha karatasi yake, Sahifa, kisha 1932 gazeti la al-Islah. Humo aliwakosoa Waislamu wenzake, pamoja na mila alizoona hazina msingi kwenye dini, kwa Kiswahili ambacho hata muuza samaki anakielewa. Si wazee wote waliofurahi. Mjadala uliokuwa wa darsani ukatoka nje, mtu yeyote akawa anaweza kuusoma na kubisha. Alianza pia tafsiri yake ya Kurani, akafariki 1947 hajaimaliza.

Mwaka 1953 Waahmadiya wakachapisha yao Nairobi, na ikawaudhi Wasunni kuliko ile ya Dale, kwa sababu hawa walizungumza kama Waislamu. Sheikh Abdullah Saleh Farsy akawajibu kwa maandishi, na mwaka 1969 Qurani Takatifu yake ikatoka, Kiarabu na Kiswahili pamoja. Iko majumbani mpaka leo. Ndiyo hiyo niliyoisoma chumbani.

Umeona kilichotokea? Chapa haikuwafuta masheikh. Iliwaondolea ulinzi wa mlangoni. Zamani ilitosha kusema "huyu hana ijaza." Baada ya 1923 ilibidi uandike, utoe hoja, uwekwe kando ya mpinzani wako msomaji alinganishe.

Lakini Ami naye ana pointi. Mnakili akikosea, kosa liko kwenye nakala moja. Mpanga herufi akikosea, kosa linatoka kwenye nakala zote, na limevaa vizuri kama ukweli. Klipu yangu ni hivyo hivyo. Na Farsy hakuanza kwa kupanga herufi. Alisoma kwa watu kwanza, miaka mingi, ndiyo akashika kalamu.

Kwa hiyo nimeishusha ile klipu, na Alhamisi naenda na tafsiri yangu kwapani, nimsomee Ami aya ile ile anirekebishe. Lakini nitamuomba na yeye kitu kimoja: akubali nimrekodi. Maana akinyamaza, kuna Dale mwingine yuko hewani sasa hivi.