Saa ya Seva Inamkata Kijana wa Kaunta Mshahara

Kuna hoja moja ya madevelopa wetu ambayo nimechoka kuisikia. Ati Kenya nzima ina saa ile ile, ukivuka Liboi kuingia Somalia saa haibadiliki, ukipitia Moyale kuingia Ethiopia haibadiliki, na hatuna mambo ya kusogeza saa kila msimu kama Wazungu. Kwa hivyo saa za maeneo ni shida za watu wengine.

Ni kweli sote tuko saa 3 mbele ya UTC, ile saa ya dunia ambayo kompyuta hutumia kama kipimo. Lakini seva yako je? Ile seva umekodisha mtandaoni kwa kawaida inakuja ikiwa imewekwa UTC, na wengi hamuigusi. Maana yake siku yake mpya inaanza wakati hapa Garissa ni saa tisa usiku. Mauzo yote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yanaandikwa jana.

Mtasema nani ananunua kitu saa nane usiku. Basi hamjawahi kukaa mji huu Ramadhani. Baada ya tarawehe ndipo watu wanatoka, na maduka mengine yako wazi mpaka daku.

Hebu tufuate usiku mmoja. Ni Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, katikati ya Ramadhani. Duka lina vijana wawili: mmoja anafunga droo saa sita usiku kamili, wa pili anashika zamu ya daku. Kabla ya usiku huo duka lilikuwa likifunga mapema. Wa kwanza ameuza 41,000, amehesabu, amekabidhi 41,000. Wa pili anauza ya 2,400 saa sita na dakika arobaini, halafu ya 3,100 saa nane na robo. Jumla 5,500, na kwa kalenda ya kila mtu aliye Garissa hiyo ni Ijumaa tayari.

Asubuhi bosi anafungua ripoti. Alhamisi: 46,500. Anamuita kijana wa kwanza. "Umenipa 41,000. 5,500 iko wapi?"

Kijana ataapa walahi mpaka achoke. Mashine imesema. Kwa seva, ile ya saa sita na dakika arobaini iliuzwa `2025-03-13T21:40:00Z`, na hiyo Z mwishoni inamaanisha UTC. Tarehe ni 13. Ripoti imekata hapo hapo bila kuuliza iko Garissa au wapi. Na kijana wa pili naye ana 5,500 ambazo ripoti ya Ijumaa haizijui, kwa hivyo yeye anaonekana mwaminifu kupita kiasi.

Tafuta ushahidi sasa. Ujumbe wa M-Pesa wa mteja unasema 14/3/25 saa 12:40 AM. Daftari la kijana linasema 6:40, kwa sababu yeye anaandika saa anavyoisema, saa sita na dakika arobaini. Apu inasema 21:40. Mauzo ni moja, saa ni tatu, na zote tatu ni sahihi. Mwenye duka asiyejua hilo ataamini iliyo kwenye skrini.

Halafu kuna mshirika wa biashara, dada yake bosi, yuko Minneapolis. Apu yake inakata "leo" kwa saa ya simu yake. Wiki hiyo alikuwa saa 8 nyuma yetu, kwa hivyo Ijumaa yake ilianza wakati Garissa ni saa mbili asubuhi. Wiki moja kabla alikuwa saa 9 nyuma, maana Marekani walisogeza saa zao tarehe 9 Machi. Ndugu wawili, duka moja, hawawezi kukubaliana Ijumaa waliuza ngapi, na kila mmoja anashuku mwenzake anaficha.

Dalili ya ugonjwa huu ni rahisi kuiona. Jumla ya wiki inakaribia kulingana, lakini siku moja moja hazilingani: leo inazidi, kesho inapungua. Mwizi haibi hivyo. Pesa ya mwizi hairudi kwenye ripoti ya siku inayofuata.

Sasa wapo wanaosema dawa ni kuacha UTC na kuandika saa ya Nairobi moja kwa moja. Hapana. Ukiandika `00:40` tupu, mwaka ujao hutajua kama ni 00:40 ya Nairobi, ya seva, au ya simu ya mtu wa Minneapolis. UTC haikukosa chochote hapa. Kosa ni kuhifadhi kwa UTC halafu *kukata siku* kwa UTC. Hifadhi kwa UTC, kata kwa saa ya duka, na ukate kwenye seva, mahali pamoja, sio kila simu ijikatie yake. Kwa Postgres, kama safu `iliuzwa` ni ya aina ya `timestamptz`, ni hivi tu:

```sql
SELECT (iliuzwa AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi')::date AS siku,
       SUM(kiasi)
FROM mauzo
GROUP BY siku;
```

Angalieni aina ya safu, hapo ndipo wengi wanaanguka. Ikiwa ni `timestamp` bila `tz`, mstari huo huo unadhani 21:40 tayari ni ya Nairobi, na kwenye seva ya UTC unakurudisha saa 3 nyuma badala ya kukupeleka mbele. Na andikeni jina la eneo, sio `+3` mkononi. Hata Kenya yenyewe haikuwa +3 siku zote, mpaka 1942 ilikuwa saa 2 na dakika 45.

Kama bosi anataka siku ya duka iishe baada ya daku, saa kumi na moja alfajiri, hiyo ni haki yake. Geuza kwanza iwe saa ya Nairobi, kisha toa saa 5, ndipo uchukue tarehe. Muhimu ni kwamba ameamua yeye na vijana wanajua, sio seva imewaamulia.

Kinachobaki kigumu kweli ni simu zenyewe. Tawi la Dadaab mtandao ukikatika, mauzo ya saa tano usiku yanafika kwenye seva asubuhi. Ukitumia saa ya kufika, yanaingia siku isiyo yake. Ukiamini saa ya simu, kuna kijana amerudisha tarehe nyuma mkononi ili gemu impe maisha mapya. Hifadhini zote mbili, saa ya kuuza na saa ya kufika, na simu ikiunganishwa itume pia saa yake ya wakati huo ili seva ione imepotoka kiasi gani. Ikizidi dakika chache, mtu aangalie kabla ripoti haijafungwa. Haitakamata kila kitu, kwa mfano simu iliyosahihishwa kabla ya kuunganishwa.

Na nyinyi wenye maduka, kabla ya kulipia apu, mwambieni developa auze kitu cha shilingi kumi saa sita na nusu usiku mbele yenu, kisha afungue ripoti ya siku. Mkikuta imeingia jana, fungueni daftari la makato ya mishahara ya Ramadhani iliyopita, mtafute upungufu ambao ulijitokeza kama ziada siku iliyofuata, na mrudishe hiyo pesa.