Meseji ya kufukuzwa kazi ikiingia, anza kuhesabu siku

KAZI NA HAKI
Na Koku Mushobozi

Swali ninaloulizwa zaidi na wasomaji wa Bukoba na Muleba mwisho wa mwaka ni hili: bosi akinifukuza kazi kwa meseji, nimefukuzwa kweli? Wanaouliza ni walimu wa shule binafsi, wahudumu wa nyumba za wageni, wauzaji wa maduka ya vifaa vya ujenzi na dada wa kazi za ndani. Leo nitalijibu kwa mfano wa mwalimu, kwa sababu kalenda ya shule ina mtego ambao kazi nyingine hazina.

Tuseme mwalimu anafundisha sekondari ya binafsi wilayani Muleba. Alianza Januari, ana miaka mitatu kamili na miezi kadhaa juu yake, na mkataba wake hauna ukomo. Mshahara wake ni shilingi 520,000 kwa mwezi. Tarehe 10 Desemba, shule ikiwa imefungwa, simu yake inaingia ujumbe wa WhatsApp: “Habari za jioni mwalimu. Bodi imeona tusiendelee na wewe kuanzia leo. Vitabu na funguo za maabara mwachie mlinzi. Mungu akubariki.” Basi. Hakuna sababu, hakuna barua, hakuna kikao kilichotangulia.

Wenzake watamwambia atulie. Watamwambia meseji siyo barua, haina mhuri wala sahihi, kwa hiyo asubiri shule ifunguliwe Januari akaonane na mkuu wa shule ana kwa ana. Wanasema hivyo kwa nia njema, lakini ushauri huo umewapotezea watu haki zao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, haisemi popote kwamba notisi ya kuachishwa kazi lazima iwe barua yenye mhuri. Kifungu cha 41, kwa namba za toleo la 2019, kinataka notisi iwe kwa maandishi, itaje sababu za kuachishwa, na itaje tarehe inapotolewa. Na maandishi, kwa tafsiri ya sheria zetu, hayaishii kwenye karatasi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kwamba pale sheria inapotaka kitu kiwe cha maandishi, ujumbe wa kielektroniki unatosha ikiwa unaweza kuhifadhiwa na kusomwa tena baadaye. Meseji ya simu inahifadhika na inasomeka tena. Mfanyakazi anayeweka tumaini lake lote kwenye hoja kwamba “hii ni meseji tu” ameshika hoja dhaifu kuliko zote alizonazo.

Hoja zake nzito ziko kwenye yale ambayo ujumbe ule haukusema, na kwenye yale ambayo hayakufanyika kabla haujatumwa. Usome tena. Hautaji sababu. Hautoi muda, maana unasema “kuanzia leo”, wakati mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku zisizopungua 28, au alipwe mshahara wa siku hizo badala yake. Tena kifungu hicho hicho kinakataza kutoa notisi wakati mfanyakazi yuko kwenye likizo anayostahili kisheria. Shule nyingi huwapa walimu likizo yao ya mwaka wakati huohuo wanafunzi wanapokuwa nyumbani. Kama mwalimu wetu alikuwa kwenye likizo hiyo tarehe 10 Desemba, notisi ile ina kasoro hata kama ingekuwa barua nzuri kuliko zote, yenye mhuri mwekundu na kuletwa na tarishi.

Zaidi ya notisi, kuna utaratibu. Mwajiri anatakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Mzigo wa kuthibitisha hilo ni wake, si wa mfanyakazi. Kama tuhuma ni za utovu wa nidhamu, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, maarufu kama Tangazo la Serikali Namba 42, zinamtaka afanye uchunguzi kwanza, ampe mfanyakazi tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, ampe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, kisha amsikilize kwenye kikao akiwa na mwenzake wa kazini au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kama sababu ni kupunguza wafanyakazi kwa kuwa ada hazikusanyiki, basi anatakiwa atoe taarifa ya kusudio lake mapema, aeleze hali ilivyo, na ashauriane nao kabla ya kuamua. Ujumbe unaosema “bodi imeona” unaonyesha wazi kwamba uamuzi ulifanyika bila mhusika kusikilizwa.

Mtu asidhani jambo hili linatokea kwetu tu. Tarehe 17 Machi 2022 kampuni ya meli ya P&O Ferries ya Uingereza iliwaachisha kazi mabaharia karibu 800 kwa siku moja, wengi wao wakitangaziwa kwa video iliyorekodiwa. Siku chache baadaye mkurugenzi wake mkuu alikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba kampuni ilipaswa kushauriana na vyama vya wafanyakazi na iliamua kutofanya hivyo. Ile video iliwaudhi watu kote duniani. Lakini kosa la kisheria alilokiri ni kuruka mashauriano, na lingebaki kosa hata kama wangetangaziwa kwa barua.

Sasa turudi kwenye mtego. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo haki unatakiwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA na kwa mkoa wetu ipo Bukoba, ndani ya siku 30. Siku hizo zinahesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa kazi, au tangu mwajiri alipofanya uamuzi wa mwisho. Ujumbe wa mwalimu wetu una tarehe juu yake: 10 Desemba, kuanzia leo. Siku ya 30 ni tarehe 9 Januari. Shule hufunguliwa kwenye wiki ya pili ya Januari. Mwalimu aliyetulia akisubiri kuonana na mkuu wa shule, atakapofika getini siku zake zitakuwa zimekwisha au zimebaki moja mbili. Baada ya hapo atalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku ya ucheleweshaji, na “nilikuwa nasubiri barua” si sababu inayowaridhisha waamuzi kirahisi.

Kwa walioko visiwani, Bumbire, Goziba au Ikuza, shida inaongezeka. Ujumbe unaweza kutumwa Jumatatu ukaingia Alhamisi mtandao unaporudi. Unaweza kudai kwamba siku zako zianze pale ulipoupata, na ni dai la haki. Lakini usilipangie safari yako. Hesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa, panda boti mapema, na hoja ya mtandao ibaki ya akiba.

Kuna mchezo mwingine unaonisikitisha zaidi. Mwajiri anatuma ujumbe wa kukufukuza. Unakaa nyumbani, kama ulivyoambiwa. Baada ya wiki mbili au tatu inakuja barua rasmi yenye mhuri, ikisema umeachishwa kazi kwa utoro, kwa sababu hukuonekana kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa. Utoro wa zaidi ya siku tano za kazi ni kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi, na mwajiri anaijua sheria hiyo vizuri. Huko kwenye Tume atasema hakuwahi kukufukuza, ulitoroka mwenyewe. Wakati huo ile meseji uliyoidharau ndiyo shahidi wako mkuu, kwa kuwa inaonyesha nani aliyeyavunja mahusiano ya kazi na tarehe gani.

Kwa hiyo ilinde. WhatsApp inamruhusu aliyetuma kuufuta ujumbe kwenye simu zote mbili ndani ya muda fulani, na ina mpangilio wa kufuta ujumbe wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Piga picha ya skrini mara moja, jina na namba ya mtumaji vionekane pamoja na tarehe na saa. Usiikate picha ukaacha sentensi moja, maana mabishano ya ushahidi wa kielektroniki ni juu ya nani ametuma na kama maneno hayajaguswa. Chapisha nakala. Na simu yenyewe usiiuze wala kuifuta hadi shauri liishe, kwa sababu mwamuzi anaweza kutaka kuiona.

Kisha jibu, kwa adabu na kwa ufupi: “Nimepokea ujumbe wako wa tarehe 10 Desemba unaonieleza kuwa ajira yangu imekoma leo. Naomba nipewe sababu kwa maandishi na malipo yangu ya mwisho.” Jibu la namna hiyo halimtukani mtu, na linamfunga mwajiri. Akikaa kimya, kimya chake kina maana. Akijibu, kila anachoandika kinaingia kwenye jalada.

Malipo hayo mwalimu wetu anaweza kuyapigia hesabu mwenyewe. Mshahara wa 520,000 ukigawanywa kwa siku 26 za kazi ni 20,000 kwa siku. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka kumi. Kwa miaka mitatu ni 420,000. Badala ya notisi, kwa kawaida huhesabiwa mshahara wa mwezi, 520,000. Jumla 940,000, kabla ya siku alizofanya kazi Desemba na likizo ambayo hakuitumia. Anadai pia cheti cha utumishi. Fedha hizi hazihusiani na fidia ya kuachishwa isivyo haki, ambayo Tume huiamua yenyewe baada ya usuluhishi kushindikana na pande zote kusikilizwa.

Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kudai kuachishwa isivyo haki. Notisi yake lakini anayo: siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza, na baada ya hapo siku 28 kama analipwa kwa mwezi, au siku 4 kama analipwa kwa siku au kwa wiki. Madai ya aina hii yana siku 60 za kufikishwa Tume. Dada wa kazi za ndani pale Hamugembe anahesabiwa sawa na mwalimu.

Wengine hawapati hata ujumbe. Wanaondolewa tu kwenye kundi la kazi la WhatsApp, na kesho yake mlinzi anawaambia amepewa maagizo. Kuondolewa kwenye kundi peke yake si notisi. Huenda mtu amebonyeza kimakosa. Nenda kazini kama kawaida ukiwa na mtu wa kukushuhudia. Ukizuiwa getini, mwandikie mwajiri siku hiyohiyo ukitaja saa uliyofika na maneno uliyoambiwa, umuulize kama bado ni mfanyakazi wake. Asipojibu, chukua tarehe hiyo ya getini kama tarehe ya kuachishwa, jaza fomu ya Tume, mpelekee mwajiri nakala na upate uthibitisho kwamba ameipokea, kisha upande gari la Bukoba ukaiwasilishe kabla siku ya 30 haijapita.