Mzigo wa Somo na Saa za Muuguzi wa Shume

Zahanati ya kijijini yenye wauguzi wawili haiwezi kumpeleka mmoja wao chuoni kwa miaka miwili bila wagonjwa kuigharimia safari hiyo. Mama anayeshikwa na uchungu usiku wa manane huko Shume, juu katika milima ya Usambara Magharibi, atamkuta muuguzi mmoja aliyekwisha kushinda kazini mchana kutwa, au asimkute mtu. Kwa hiyo elimu ya masafa kwa watumishi wa afya ni jambo la mgonjwa kabla ya kuwa jambo la chuo. Nchini Kenya hilo lilitambuliwa mapema: tangu mwaka 2005 shirika la Amref, likishirikiana na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo, liliendesha mafunzo ya kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi stashahada huku wakibaki katika vituo vyao.

Swali ni namna mafunzo hayo yanavyoundwa. Mengi yanayoitwa ya masafa ni darasa la kawaida lililohamishiwa katika simu: mhadhara wa saa nzima kwa video, ratiba ya saa kumi jioni, jaribio linalofunguka na kufungwa usiku uleule. Aliyeyaunda alikaa katika ofisi ya mjini yenye mtandao wa waya. Mwanafunzi akishindwa, huandikwa kwamba hana bidii.

Na uchukuliwe mfano wa muuguzi wa Shume mwenye simu ya bei nafuu. Barabara ya kumfikia hupanda kutoka Mombo, ikapita Soni na Lushoto, kisha Magamba na msitu wake. Milima ileile inayoipa Shume baridi na kabichi zake ndiyo inayomnyima mtandao, kwa kuwa mawimbi ya simu hayapindi kwa urahisi kuufuata mgongo wa mlima. Mahali penye mwinuko mnara huonekana na simu hupata. Hatua mia chini bondeni, hakuna kitu. Na idhaniwe kwamba hapo zahanati ilipo anapata kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde, kiwango cha kawaida cha mtandao wa zamani wa simu pale unapokuwa katika hali nzuri.

Mhadhara wa saa moja kwa video ya ubora wa chini huwa na uzito wa megabaiti 300 hivi. Kwa kasi hiyo, kuupakua huchukua saa 6 na dakika 40, endapo mtandao hautakatika hata mara moja, nao hukatika. Mhadhara uleule ukirekodiwa kwa sauti pekee, ukapunguzwa hadi kilobiti 16 kwa sekunde, kiasi ambacho kinatosha kabisa kwa sauti ya mtu anayezungumza, dakika 20 zake hazizidi megabaiti 2.4. Huo hushuka kwa dakika tatu na kidogo. Kurasa kumi za maandishi yaliyochapwa, zisizo na picha, huweza kuwa kilobaiti 200 tu, nazo hufika kwa sekunde 16.

Hapo pana mtego ambao wakufunzi wengi hawaufahamu. Mkufunzi asiye na nakala iliyochapwa hupiga picha kurasa za kitabu kwa simu yake na kuzituma, akiamini ametuma maandishi. Kila picha ina megabaiti 3. Kurasa 20 ni megabaiti 60, yaani dakika 80 za kupakua kwa kasi ileile. Mwanafunzi hawezi kutafuta neno ndani yake. Kuchapa upya kurasa hizo ni kazi ya siku moja kwa karani wa chuo, na kila anayesoma mlimani huepushwa na adha hiyo kwa miaka yote somo litakapofundishwa.

Ukubwa wa faili moja nao una maana yake. Faili kubwa likikatikia katikati, aghalabu huanza upya, na vifurushi vilivyokwisha kutumika havirudi. Ndiyo maana somo la wiki likigawanywa katika mafaili madogo, kila moja chini ya megabaiti 3, lile lililofika huwa limefika. Mwanafunzi anayeenda sokoni siku ya gulio, mahali penye mtandao mzuri zaidi, huweza kuyapakua yote na kurudi nayo nyumbani. Hivyo ndivyo watu wa milimani wanavyofanya kwa chumvi na mafuta ya taa: huenda mara moja na kuleta mahitaji ya wiki.

Kuhusu wakati, vyuo vyenyewe vina kipimo ambacho havikitazami. Katika mfumo wa elimu ya juu nchini Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo za kusikiliza, kusoma na kufanya mazoezi. Somo la krediti 12 basi ni saa 120. Muhula wa wiki 15 hudai saa 8 kwa wiki kwa somo hilo moja. Akiandikishwa masomo matano kwa pamoja, anadaiwa saa 40 kila wiki, ambazo ni ajira nyingine kamili juu ya ile aliyo nayo.

Muuguzi huyu anazo saa ngapi? Ana zamu, ana wito wa usiku, ana shamba linalomngoja mvua za masika zikianza, ana watoto na pengine mzazi mgonjwa. Akijibana sana atapata saa 5 kwa wiki, na hizo hazitakaa pamoja: nusu saa kabla ya wagonjwa kufika, robo saa baada ya chanjo, saa moja usiku wa siku asiyoitwa. Kwa saa 5, somo la krediti 12 litamchukua wiki 24. Chuo kinachosema ukweli kingempa somo moja kwa wakati mmoja, wiki 24, na kumwambia tangu siku ya kwanza kwamba stashahada yake itachukua miaka kadhaa zaidi. Wapo watakaosema kwamba hilo litawavunja moyo waombaji. Bila shaka baadhi yao watavunjika moyo. Lakini ni afadhali hivyo kuliko kulipa ada ya masomo matano, kufaulu mawili na kuondoka na deni.

Vipande vya nusu saa vina faida nyingine iliyothibitishwa hapa hapa nchini. Katika Hospitali ya Haydom mkoani Manyara, wakunga walifunzwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Ustadi wao juu ya mwanasesere uliongezeka, lakini matendo yao ndani ya chumba cha kujifungulia hayakubadilika inavyotakiwa. Baadaye mafunzo yalifanywa kuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua. Mtunzi wa somo la masafa angeweza kuanzia hapo: kila kipande kiwe na jambo moja, kiishe ndani ya dakika 20 au 25, na kianze na swali linalorudisha kumbukumbu ya kipande kilichotangulia, kwa kuwa huenda siku tisa zimepita tangu msomaji alipokifunga.

Haydom inaonyesha pia mpaka wa jambo lenyewe. Kubana mfuko wa hewa juu ya uso mdogo hakujifunzwi kwa sauti wala kwa maandishi. Sehemu hiyo inahitaji mwanasesere, mkufunzi na mikono, na mahali pake ni hospitali ya wilaya kwa siku chache zilizopangwa miezi kadhaa kabla, ili zahanati ipate mtu wa kushika zamu. Chuo kinachodai kufundisha kila kitu kwa simu kinapaswa kuogopwa na wagonjwa wake wa kesho.

Mitihani midogo ndiyo inayowaangusha wengi bila sababu. Vyuo vingi hutumia mfumo wa Moodle, ambao una programu ya simu inayoruhusu mwanafunzi kupakua somo, kujibu maswali bila mtandao, na majibu kutumwa mtandao ukirudi. Ruhusa hiyo haiko wazi yenyewe. Mkufunzi lazima aiweke katika kila jaribio. Na akiweka kikomo cha dakika, tuseme 30, jaribio halifanyiki tena bila mtandao. Mkufunzi mmoja anayependa saa ya kengele, pasipo kukusudia, amewafungia mlango wote walio bondeni. Vivyo hivyo kwa kazi za kuandika: kazi iliyokamilika Jumamosi inaweza kufika chuoni Jumatano, na ikahesabiwa kuwa imechelewa. Dirisha la siku kumi la kupokea kazi, badala ya saa sita usiku ya siku moja, huondoa tatizo hilo bila gharama yoyote.

Upo mfano wa zamani unaostahili kukumbukwa na kila anayeunda mafunzo ya namna hii. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa wiki 12. Watu wazima wapatao milioni 2 walijifunza kuhusu malaria, kuhara, minyoo na magonjwa mengine kwa njia ya redio, wakiwa katika vikundi vilivyoongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliofunzwa kwa kazi hiyo. Redio haikuachwa peke yake. Kulikuwa na vijitabu vilivyochapishwa na kulikuwa na kikundi, hivi kwamba betri zikiisha au mvua ikivuruga matangazo, somo halikupotea. Kila ujumbe ulikuwa na njia zaidi ya moja ya kumfikia msikilizaji. Mafunzo mengi ya leo, pamoja na simu zote hizi, yana njia moja tu, nayo ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote.

Kijitabu cha karatasi kilichotumwa kwa basi la Lushoto mwanzoni mwa muhula si aibu kwa chuo cha karne hii. Wala kadi ndogo ya kumbukumbu yenye sauti zote za somo si aibu. Mtandao ubakiwe na kazi ambazo karatasi haiziwezi: kuuliza swali, kupokea masahihisho, kujua kama mwenzake wa Mlalo naye amekwama mahali pale pale. Ujumbe mfupi wa maandishi hupita hata pale ambapo picha haipiti.

Tatizo likianza, huonekana mapema kwa anayejua pa kutazama. Mwanafunzi anayepakua kila wiki lakini hatumi kitu, aghalabu amebanwa na saa, na apunguziwe mzigo. Yule ambaye vipakuliwa vyake vinaanza na kukatika mara nne au tano kwa siku moja anapambana na mtandao, na faili lake ligawanywe. Aliyenyamaza kabisa kwa wiki tatu anahitaji kupigiwa simu na mkufunzi, kwa sauti ya mtu, kabla ya barua ya onyo. Na kabla ya somo lolote kufunguliwa, mtu mmoja wa chuo apande gari hadi Shume na simu ya bei nafuu na kifurushi kidogo, akae huko siku tatu, na ajaribu kulisoma yeye mwenyewe.