Taarifa ya Mtahini Isiwe Orodha ya Lawama

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalikuwa na sifuri nyingi kiasi cha Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, kuunda tume ya kuchunguza. Miezi michache baadaye serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya. Madaraja ya watahiniwa wengi yakabadilika, lakini yaliyoandikwa ndani ya skripti zao hayakubadilika hata herufi moja. Taifa lilijadili alama kwa kelele nyingi, na majibu kwa sauti ndogo sana.

Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Taarifa hiyo hupita swali kwa swali. Hueleza swali lilipima nini, wangapi walilijibu, wangapi walifanya vizuri, kwa wastani au vibaya, kisha huonesha kielelezo cha jibu zuri na cha jibu baya kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Mwishoni viwango vya mada hupakwa rangi: kijani, njano na nyekundu. Ni muundo mzuri, na natamani kila idara ya chuo na kila shule ingekuwa na taarifa ya namna hiyo kwa mitihani yake ya ndani.

Muundo mzuri, hata hivyo, unaweza kubeba maneno matupu. Anayesoma taarifa za namna hii, za Baraza na za vyuo, atakutana mara kwa mara na sentensi tatu: watahiniwa hawakuwa na maarifa ya kutosha, hawakuelewa matakwa ya swali, na hawakuimudu lugha ya Kiingereza. Sentensi hizo huenda zikawa kweli, lakini kila moja yaweza kubandikwa chini ya swali lolote, la somo lolote, la mwaka wowote. Kinachoweza kubandikwa popote hakimfundishi mwalimu chochote. Hoja yangu ni kwamba taarifa ya mtahini ina thamani pale tu inapotaja kosa lenyewe, inapolihesabu, na inapothubutu kuuliza limetoka wapi, hata jibu likiwa ni kwamba limetoka kwa mtunga swali.

Kazi hiyo huanza wakati wa kusahihisha, wala haisubiri alama zijumlishwe. Anayesahihisha skripti moja toka swali la kwanza hadi la mwisho, kisha akaishika ya pili, huona wanafunzi, haoni makosa. Anayesahihisha swali la kwanza katika skripti zote, kisha akarudi kwenye swali la pili katika skripti zote, ndiye anayeanza kuona kosa lilelile likirudi kwa miandiko tofauti. Kila swali alipe ukurasa wake. Skripti ishirini au thelathini za mwanzo asome akiandika makosa kama yalivyo, bila kuyapa majina. Kisha ayapange katika makundi machache, manne au matano, na kila kundi alipe herufi. Kuanzia hapo herufi huandikwa kando ya jibu, na kwenye ukurasa wa swali huongezwa mstari mmoja wa kuhesabia. Zile skripti za mwanzo hupitiwa upya zipate herufi zao nazo. Asiyefanya hivi hulazimika kuandika taarifa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya msahihishaji aliyechoka huhifadhi majibu ya kuchekesha na kuyasahau ya kawaida.

Nitoe mfano niliouunda mwenyewe, nikiutolea kwenye mazingira tunayoishi. Sisi wa Kihonda tuko kwenye tambarare, na Milima ya Uluguru tunaitazama kwa mbali kidogo upande wa kusini. Kila mkazi wa Morogoro anajua kwamba mteremko wa mashariki wa milima ile, unaoelekea Bahari ya Hindi, hunyeshewa zaidi kuliko wa magharibi. Tuseme mtunga mtihani wa jiografia ameandika hivi kama swali la 2: “Jadili tofauti ya mvua kati ya upande wa mashariki na upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru.” Mwongozo wake wa usahihishaji unataka sababu: pepo zenye unyevu kutoka baharini hugonga mteremko wa mashariki na kulazimika kupanda, hewa hupoa kadiri inavyopanda, mvuke hugeuka matone na kunyesha. Hewa inayovuka na kushuka upande wa pili imekwisha kupoteza sehemu ya unyevu wake, tena hupata joto, basi mvua hupungua.

Tuseme skripti ni 120, na swali la 2 ni la hiari. Waliolijibu ni 80. Hapa ndipo taarifa nyingi huteleza mapema. Ikiwa 48 kati yao wamefanya vibaya, hao ni asilimia 60 ya waliojibu. Mwandishi akigawanya kwa 120, atapata asilimia 40, na swali lililowashinda wengi litaonekana la wastani. Wale 40 walioliruka nao watajwe peke yao, kwa sababu kukimbiwa kwa swali ni habari inayojitegemea.

Sasa tuyafungue majibu 80. Majibu 14 ni sahihi. Majibu 18, tuyaite kundi C, yametaja pepo za baharini na kusema milima “huzizuia”, yakaishia hapo. Kupanda na kupoa kwa hewa hakumo. Hao wamepata alama za wastani. Majibu 26 ya kundi A yameeleza tofauti bila kueleza sababu: mashariki kuna misitu minene, kuna migomba na viungo vya Kinole, na magharibi kuna mashamba ya mboga ya Mgeta. Majibu 22 ya kundi B yanasema mashariki hunyesha zaidi kwa sababu kuna miti mingi. Makundi A na B ndiyo yale majibu 48 mabaya.

Taarifa ya mazoea ingeandika kwamba watahiniwa 48 hawakuwa na maarifa ya kutosha. Lakini makundi haya mawili hayafanani hata kidogo.

Tuanze na B. Aliyeandika kwamba miti imeleta mvua hakubuni jambo hilo chumbani mwa mtihani. Amelisikia tangu shule ya msingi, kwenye kampeni za kupanda miti, kwenye hotuba za sikukuu na kwenye mabango. Misitu ya milimani kweli hunasa ukungu na kutunza maji ya mito, kwa hiyo kauli ile ina chembe ya ukweli. Ila katika swali hili amegeuza chanzo na matokeo: msitu wa mashariki umestawi kwa sababu ya mvua. Mwanafunzi huyu ana maarifa, na maarifa hayo ndiyo yanayomziba macho. Akiambiwa asome zaidi, atarudi na kauli ileile. Pendekezo linalomfaa ni mahususi: mwalimu aifundishe mada hii kwa kuanza na kauli ya “miti huleta mvua”, aipime mbele ya darasa, kisha aoneshe njia ya hewa kwa mchoro.

Kundi A linahitaji kipimo kingine. Skripti zote zipangwe kwa jumla ya alama za maswali mengine, kisha itazamwe theluthi ya juu na theluthi ya chini. Kosa linalotokana na udhaifu wa mwanafunzi hujikusanya chini. Tuseme kati ya wale 26, 15 wamo katika theluthi ya juu. Hapo mwandishi wa taarifa asimame. Wanafunzi hodari wanapotumbukia kwa wingi katika shimo moja, shimo hilo huenda limechimbwa na swali. Turudi basi kwenye maneno yake: “Jadili tofauti.” Hakuna neno “sababu”. Wanafunzi wamejibu walichoulizwa, na mwongozo umewanyima alama kwa jambo ambalo halikuulizwa. Pendekezo hapa linamwelekea mtunga mtihani: mwaka ujao aandike “Eleza sababu za tofauti ya mvua”. Kwa mwaka huu, mwongozo urekebishwe na swali hilo lipitiwe upya kabla alama hazijatoka.

Kipimo hiki kina mipaka. Kwa darasa la watu 25, theluthi ni watu wanane tu, na mmoja aliyeamka na homa anaweza kuipindua picha nzima. Tena hakisemi kosa limetoka wapi hasa. Kinatuambia tu mahali pa kuchimba. Kuchimba kwenyewe ni kusoma tena majibu.

Limebaki suala la lugha, ambalo nchini mwetu ni zito, kwa kuwa mtoto hufundishwa kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi kisha hujibu mtihani wa sekondari kwa Kiingereza. Kusema “lugha imewashinda” bila ushahidi ni rahisi mno. Ushahidi upo ukitafutwa. Aliyechora mlima, mishale ya upepo na mvua mahali pake, lakini sentensi zake hazisomeki, ameshindwa na lugha. Aliyeandika Kiingereza safi kwamba miti huleta mvua hakushindwa na lugha. Aliyenakili maneno ya swali na kuyapanga upya yuko katikati, na njia ya kumjua ni kuwaita wachache wa namna yake na kuwauliza swali hilohilo kwa Kiswahili, mdomoni. Taarifa ikiwahesabu watu hawa watatu katika makundi tofauti, itakuwa imeuchangia mjadala wa lugha ya kufundishia kitu ambacho hotuba nyingi hazijauchangia.

Vielelezo navyo vina adabu yake. Jibu linakiliwa kama lilivyo, pamoja na makosa ya tahajia, kwa sababu likisafishwa hupoteza ushahidi. Jina na namba ya mtahiniwa huondolewa. Na huchaguliwa jibu linalowakilisha kundi kubwa, si lile la kuchekesha, maana taarifa inayosambazwa ili watu wacheke humfundisha mwanafunzi kuacha ukurasa mtupu mwaka unaofuata.

Kwa hiyo kila swali katika taarifa lihitaji mambo matano, na yakitosha nusu ukurasa si vibaya: swali lilitaka nini, wangapi walilijibu, makundi ya makosa pamoja na idadi yake, chanzo cha kila kundi na ushahidi wake, na pendekezo lenye jina la anayepaswa kulitekeleza. Jambo hilo la tano ndilo la kisiasa kuliko yote. “Juhudi ziongezwe” haina mwenyewe, ndiyo maana kila ofisi huipokea kwa furaha. Andika mwalimu wa somo, andika mtunga mtihani, andika mkuu wa idara, andika mkuza mitaala. Mwaka ujao fungua taarifa ile kabla ya kutunga mtihani mpya, uhesabu kundi B limebaki na wangapi. Ikiwa bado ni 22 kati ya 80, basi aliyefeli mara ya pili si mwanafunzi, kwa sababu wanafunzi wa mwaka huu si wale wa mwaka jana. Waliobaki palepale ni sisi.