Picha Bila Swali Si Ombi la Pesa

Wasee, hii tabia tuiache. Mtu amepanda mwamba wa Nzambani kule Kitui, amepiga picha, amekutumia na neno moja tu: "Niaje." Wewe unajibu, "Sema?" Ama mbaya zaidi, "Unataka nini?"

Najua mnaogopa nini. "Niaje" tupu ya Desemba mara nyingi nyuma yake kuna "nitumie soo mbili." Lakini mwenye kukopa hatangulizi picha ya likizo wala ya paka wake. Huyu hajauliza kitu kwa sababu hana swali. Amekukumbuka, basi. Ni kama mtu amepiga hodi mlangoni. Hodi hujibiwa karibu, haijibiwi "umekuja kufanya nini?"

Pia kuna wale wapelelezi. "Mlienda na nani? Mliingia na ngapi? Mbona hukuniambia?" Mtu alikuwa anasalimia, sasa anatoa ushahidi kortini. Na wale wengine ukiwatumia picha moja wanakurudishia hadithi ya safari yao wenyewe, na picha kumi juu.

Jibu zuri ni fupi na lina mambo mawili. Kwanza rudisha salamu. Halafu taja kitu kimoja ulichokiona kwa hiyo picha. Hapo simama. Kwa ile ya Nzambani: "Poa sana! Umemaliza hizo ngazi zote na bado unacheka, heko!" Binti ya shangazi yako akiwa Wote akutumie paka amelala ndani ya sufuria: "Mambo! Huyu paka amejipakua mwenyewe, nimecheka." Imeisha. Akitaka kuendelea ataendelea, asipotaka hakuna deni.

Hicho kitu kimoja ndicho kinabeba joto lote. "Picha kali" unaweza kuandika hata bila kuifungua, na mtumaji anajua. Sufuria huwezi kuitaja kama hukuangalia. Lakini taja tu unachokiona. Usipongeze "mtoto wako" kumbe ni mpwa wake, na usimwite "shemeji" yule jamaa amesimama kando.

Kuna picha moja tu ya kuwa makini nayo. Ukiona mbwa amefungwa bendeji mguuni, ama ameandika "alikuwa rafiki yangu," soma hiyo "alikuwa" mara mbili. Hiyo si salamu tena. Hapo sema pole, kisha uliza kimetokea nini.

Zingine zote, maneno kumi yanatosha. Mnasema mko bize, lakini "Unataka nini?" nayo mliipata saa ngapi ya kuandika? Yule wa Wote akijibiwa hivyo mara mbili, paka ataendelea kulala kwa sufuria, na wewe hutajua. Halafu utakuja kusema familia siku hizi haitafutani.