Maneno 80 ya Kuomba Kazi Yawe 40

Mahindi yakianza kushuka kutoka mashambani Ufipa, simu za wenye maghala Sumbawanga hujaa ujumbe wa vijana wanaoulizia kazi. Mwingi husomeka kama huu, tuliouunda kwa mfano:

“Shikamoo Mzee, habari za siku nyingi, poleni na majukumu ya kujenga taifa. Mimi ni kijana wa Kitanzania, mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo. Nimezaliwa Laela, nikasoma huko hadi kidato cha nne.

Baada ya masomo nimepitia kazi mbalimbali, ikiwemo ghala la mahindi msimu uliopita nikiwa napokea mzigo na kupima unyevu, pia bodaboda na duka la vifaa vya simu. Nimesikia ghala lenu linapanuka, hivyo nikaona nisikae kimya, kama kuna chochote nitashukuru, niko tayari kwa kazi yoyote ile. Mungu awabariki.”

Hayo ni maneno 80, na mwenye ghala anayesimamia lori likishusha mzigo hafiki katikati. Angefika, angekuta ombi lenyewe halipo. “Kazi yoyote” humwachia yeye kutafuta wapi pa kukuweka, na hana muda huo.

Kosa la wengi wanaopunguza ni kung’oa neno hapa na pale. Mchapakazi na mwaminifu hubaki, kwa kuwa yanapendeza, na kupima unyevu ndiko kunakokatwa. Kwanza pigia mstari ombi, kisha jambo moja ulilolifanya kwa mikono yako. Mengine yote yafute, halafu ulichobakiza ukieleze vizuri:

“Shikamoo Mzee. Naomba kazi ya kupokea mahindi na kupima unyevu ghalani kwenu msimu huu. Msimu uliopita, kwenye ghala moja Laela, nilipima kila gunia kabla ya kupanda mizani. Lililozidi unyevu wa asilimia 13.5 nililirudisha kuanikwa. Naweza kuja Jumatatu kupima mbele yako.”

Maneno 40. Shikamoo imebaki, maana ukiiruka kwa mzee wa Sumbawanga hutasomwa hata ukiandika mstari mmoja. Asilimia 13.5 ndiyo inayobeba ujumbe: ni kikomo cha unyevu katika viwango vya mahindi vya Afrika Mashariki, na mwenye ghala anajua mahindi mabichi yakiingia kwenye rundo huota ukungu na kuleta sumukuvu. Aliyewahi kurudisha gunia analijua jambo hilo. Tarakimu ya kukariri haisaidii. Jumatatu kipima unyevu kitakuwa mezani.

Bodaboda na duka la simu si aibu. Akiuliza, mweleze. Barua za ofisi za serikali zina utaratibu wake wa anuani, kichwa cha habari na viambatisho. Huko fuata tangazo lilivyosema.